Tangi la lita 5,000 kwa familia nne: maji yatatosha?

*Swali: Nimeoneshwa nyumba Sinza, Dar es Salaam. Tupo wapangaji wanne, tangi moja la lita 5,000. Dalali anasema maji ya DAWASA hutoka Jumanne na Ijumaa usiku. Familia yangu ni watu wanne. Yatatutosha? Na taka, intaneti na kelele je?*

Dada, ukubwa wa tangi usikutulize kabla hujajua maji yanaingia kwa kasi gani. Nenda usiku wa mgao na ndoo ya lita 20, uikinge kwenye bomba linalojaza tangi. Tuseme imejaa kwa dakika mbili: hizo ni lita 600 kwa saa. Maji yakitoka saa nne usiku na kukatika saa kumi alfajiri, utakuwa umeingiza lita 3,600 tu. Tangi halitajaa.

Mkigawana sawa, kila familia inapata lita 900. Kwa choo cha kuvuta na kufua nyumbani, mimi hukadiria lita 100 kwa mtu kwa siku, yaani 400 kwa familia yako. Kwa hiyo maji ya Ijumaa usiku yatawafikisha Jumatatu asubuhi, na mgao unaofuata ni Jumanne usiku. Hizo siku mbili kasoro mtanunua maji, kila wiki. Omba mwenye nyumba akuruhusu uweke simtanki lako la lita 1,000 lenye koki yake, ingawa litakusaidia tu kama kasi ya bomba inatosha kulijaza. Akisema kuna kisima, onja maji yake. Vingi Dar vina chumvi, vinafaa kudekia kuliko kupikia.

Uliza pia pampu imeunganishwa kwenye LUKU ya nani. Nimeona wapangaji wakikaa bila maji huku tangi la chini limejaa, kwa sababu umeme wa mmoja umekwisha na wengine hawataki kuchangia.

Taka ni jambo dogo: waulize majirani gari hupita siku gani na ada ya mwezi inalipwa kwa nani, kwa risiti. Angalia viroba vinawekwa wapi mpaka gari lije, maana vikiwa chini ya dirisha lako utahangaika na nzi.

Kwa intaneti, waulize majirani kama faiba imefika mtaani, na mwenye nyumba kama ataruhusu ukuta utobolewe. Kama haijafika, utategemea ruta ya laini ya simu. Ijaribu ndani ya chumba, mlango umefungwa, kati ya saa mbili na saa nne usiku, mtandao unapoelemewa.

Kelele za Sinza ni muziki wa baa, hasa jirani na barabara ya Shekilango. Mchana hutazisikia. Rudi Jumamosi saa sita usiku, usimame chumba cha kulala, dirisha wazi, kwani joto la Dar halitakuruhusu kulifunga. Fanya hivyo kabla hujalipa kodi ya miezi sita.