Moli ziko sawa, jibu limekosewa: tazama ile 2 iliyo mbele ya HCl

*"Wakuu, naomba msaada. Mdogo wangu wa kidato cha tatu kapewa swali: gramu 5.0 za CaCO3 zimetiwa kwenye 40 cm3 za HCl ya 2.0 M. Tafuta ujazo wa gesi inayotoka kwenye joto la chumba (moli moja ni 24 dm3), halafu sema ni kitu gani kinabaki na ni kiasi gani. Yeye kapata gesi 1200 cm3 na HCl imebaki moli 0.03. Mwalimu kamkata, kaandika 960 basi, hakuna maelezo. Nimerudia hesabu zake za moli mara mbili, naona ziko sawa. Kosa liko wapi?"*

Mkuu, moli zake ziko sawa kweli, ndiyo maana hulioni kosa. Liko mstari mmoja baada ya hapo, alipotazama 0.05 na 0.08 akasema kabonati ndiyo inayoisha kwanza kwa kuwa moli zake ni chache. Kosa hili nalijua vizuri. Nililifanya mwenyewe nikiwa kidato hicho hicho, na baadaye nilipokuwa nafundisha tuisheni nililikuta kwenye madaftari ya watoto mpaka nikawa nalinusa kabla sijafika katikati ya ukurasa.

Moli tuzipitie haraka ili tusiwe na shaka nazo. Moli moja ya CaCO3 ni 40 + 12 + 48, yaani gramu 100, kwa hiyo gramu 5.0 ni moli 0.05. Asidi ni 2.0 mara 40 gawa kwa 1000, unapata 0.08. Hapo hana deni.

Sasa mlinganyo:

```
CaCO3 + 2HCl -> CaCl2 + H2O + CO2
```

Ile 2 ndiyo aliyoiruka. Nikieleza watoto huwa naacha kemia kidogo naenda kwa fundi baiskeli. Fundi ana fremu 5 na magurudumu 8. Atatoa baiskeli ngapi? Hakuna mtoto aliyewahi kunijibu tano. Wote wanasema nne, fremu moja inabaki, magurudumu yameisha. Na hakuna anayebisha kwamba fremu ndizo zilizokuwa chache tangu mwanzo, kwa sababu anajua kila fremu inadai magurudumu mawili. Kabonati ya mdogo wako ni zile fremu na asidi ni yale magurudumu. Moli 0.05 za kabonati zinadai moli 0.10 za asidi, na yeye ana 0.08 tu. Asidi ndiyo inayoisha, ingawa moli zake ni nyingi kuliko za kabonati.

Kwa hiyo gesi inahesabiwa kutoka kwenye asidi. Moli 0.08 za HCl zinatoa nusu yake ya CO2, yaani 0.04, na 0.04 mara 24 ni 0.96 dm3, ambayo ndiyo 960 cm3 ya mwalimu. Kabonati iliyotumika ni moli 0.04, iliyobaki ni 0.01, yaani gramu 1.0. Jibu la sehemu ya pili basi limegeuka kabisa: kinachobaki ni kabonati, si asidi.

Kuna njia ya mkato ambayo huenda ataikuta kwa wenzake: gawa moli za kila kitu kwa namba yake ya mbele kwenye mlinganyo, kisha chenye jibu dogo ndicho kinachoisha kwanza. Hapa ni 0.05 gawa kwa 1, na 0.08 gawa kwa 2 ambayo ni 0.04. Asidi ina jibu dogo, asidi inaisha. Njia ni sahihi, naitumia mwenyewe. Ila ina mtego wake: mtoto akishapata 0.04 anaanza kuamini kuwa ana moli 0.04 za asidi. Hana. Ana 0.08 zile zile. Ile 0.04 inaonyesha tu mmenyuko unaweza kwenda mpaka wapi, kama "baiskeli nne" kwa fundi. Nimeona watoto wanaigawa tena kwa 2 kutafuta gesi, wanapata 480 cm3, na wanashangaa maana "njia" wameifuata. Mwambie akishachagua kinachoisha, arudi kwenye moli halisi za mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona litakusaidia zaidi ya jibu lenyewe, maana umesema ulirudia hesabu mara mbili na hukuliona kosa. Kurudia hesabu zile zile hakulioni kosa la aina hii, kwa sababu kila kuzidisha na kila kugawanya kwake ni sahihi. Unahitaji hakiki inayotoka upande mwingine. Mimi napima jumla ya gramu kabla na baada. Chupa ikiwa imefungwa, kilichoingia lazima kilingane na kilichopo mwishoni.

Kabla: kabonati gramu 5.00, na asidi 0.08 mara 36.5 ambayo ni 2.92. Jumla 7.92. (Maji yaliyobeba asidi tunayaacha pande zote mbili, hayabadiliki.) Baada, kwa majibu ya mwalimu:

```
CaCl2        0.04 x 111 = 4.44
H2O          0.04 x 18  = 0.72
CO2          0.04 x 44  = 1.76
CaCO3 baki   0.01 x 100 = 1.00
jumla                     7.92
```

Imekaa. Sasa fanya hivyo hivyo kwa majibu ya mdogo wako. Yeye anadai 0.05 ya kila zao na HCl imebaki 0.03: 5.55, 0.90, 2.20, na 1.095 ya asidi. Jumla ni 9.745. Ametoa kwenye chupa gramu 1.825 ambazo hakuna aliyeziweka.

Usiishie kusema "haikulingana". Gawa hiyo ziada kwa 36.5 uone: inatoka 0.05 kamili. Yaani asidi aliyoihesabu kuwa imetumika imepungua kwa moli 0.05, na hapo unajua alichofanya: alitoa 0.05 kutoka kwenye 0.08 kana kwamba kabonati moja inakula asidi moja, wakati upande wa mazao aliandika CaCl2 yenye klorini mbili. Alitumia mlinganyo wa namna mbili kwenye swali moja. Ukitaka kuliona bila gramu, hesabu klorini peke yake: zimeingia moli 0.08, kwake zimetoka 0.10 ndani ya CaCl2 na 0.03 ndani ya asidi iliyobaki, jumla 0.13.

Hakiki hii nayo ina mahali inapopofuka, na pako pawili ambapo mimi mwenyewe nimeshikwa.

Pa kwanza, tuseme angechagua kabonati kimakosa lakini akatoa asidi vizuri: 0.08 toa 0.10, anabaki na hasi 0.02. Ukiingiza hasi hiyo kwenye jumla, 8.65 toa 0.73, unapata 7.92 na kila kitu kinaonekana kimetulia. Gramu zinalingana kwa jibu ambalo haliwezekani. Hapo kinachokwambia ni ile alama ya hasi tu. Watoto wengi wakikutana nayo wanaifuta kimya kimya, wanaandika 0.02 wakidhani wamegeuza namba kwa bahati mbaya. Mwambie asiifute kamwe. Hasi kwenye kilichobaki ina maana moja, umechagua kinachoisha kimakosa, geuza uanze upya kutoka mstari huo.

Pa pili ni pale anaposahau kugawa kwa 1000. Asidi inakuwa moli 80, kabonati inaonekana ndiyo inayoisha, gesi inatoka 1200 cm3 na gramu zinalingana bila shida, maana kosa limeingia kabla ya mizani. Hapa unatumia akili ya kawaida: moli 80 za HCl ni karibu kilo tatu. Kilo tatu za asidi ndani ya vijiko vichache vya maji, haiwezi. Ona pia kwamba 1200 ni lile lile alilopata mdogo wako. Kwa hiyo kwenye daftari la mwingine ukikuta 1200, usikimbilie kusema ni ile 2 ya mlinganyo. Tazama kwanza moli za asidi, ndipo utajua ni kosa lipi kati ya hayo mawili.

Mimi nilikubali kosa langu kwa macho. Nilibishana na mwalimu kwamba kabonati ni chache lazima iishe, naye hakunijibu. Alinipa chupa, akaniambia nipime gramu tano za vipande vya marumaru, nimimine 40 cm3 za asidi ile ile, nikae. Povu lilipanda, likatulia, vikawa vipovu vya hapa na pale. Asidi ikikaribia kuisha mmenyuko unakuwa wa polepole sana, kwa hiyo tuliiacha mpaka kesho yake. Asubuhi kulikuwa kimya na mawe yapo chini. Nikasema labda ni uchafu. Akanipa kipande kipya, nikakitumbukiza: hakuna hata kipovu. Asidi ingekuwepo kingechemka. Litimasi ya buluu tungeweza kuitumia, ila gesi iliyoyeyuka kwenye yale maji huifanya ibadilike rangi kidogo na ningeishia kubisha tena, kipande kipya kilinifunga mdomo. Tulisuuza mawe yaliyobaki, tukayakausha, mizani ikasoma gramu 1.1. Ile 0.1 ya ziada huenda ni kwa kuwa mawe hayakukauka vizuri, au asidi ilikuwa hafifu kidogo kuliko 2.0 M.

Ikitokea naye wakafanya hili shuleni wakakusanya gesi juu ya maji, asitarajie 960 kamili, CO2 huyeyuka kiasi kwenye maji na itasoma chini ya hapo. Na akikuta kitabu chenye swali kama hili kinatoa 896 cm3, hicho kimetumia 22.4 dm3 kwa moli, hakuna kosa la kutafuta.