Kuthibitisha kuwa anwani ya Bitcoin ni yako bila kutoa siri

Swali: Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu tisa. Sehemu ya akiba yetu iko kwenye anwani ya Bitcoin inayoanza na bc1q. Wenzangu wanataka niwathibitishie kwamba kweli ninaishika, na mmoja anasema niwaoneshe yale maneno 12 ya siri ya waleti. Hakuna njia nyingine? Na mtu ataaminije kuwa nina siri ambayo hajaiona?

Jibu: Ndugu mweka hazina, maneno hayo usimwoneshe mtu, hata mwenyekiti. Atakayeyaona anaweza kuhamisha akiba yote usiku huohuo, na mtandao hautakuwa na namna ya kumtofautisha na wewe. Njia unayoitafuta ipo, nayo ni saini ya kidijitali. Ili wenzako waikubali, inafaa kwanza waelewe anwani yenu imetoka wapi.

Kutokana na maneno 12, waleti hukokotoa funguo za siri. Ufunguo wa siri ni namba tu, kuanzia 1 hadi namba moja kubwa mno yenye tarakimu 78. Namba hiyo huzidishwa na nukta maalumu iliyo kwenye mkunjo uitwao secp256k1, ambayo ni ileile kwa kila mtumiaji wa Bitcoin duniani. Jibu lake ni nukta nyingine kwenye mkunjo huohuo, na hiyo ndiyo ufunguo wa umma. Kwenda mbele, simu hufanya kazi hiyo kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, yaani kupewa nukta ukatafuta namba iliyoizaa, hakuna mtu aliyechapisha njia inayowezekana kwa kompyuta zilizopo.

Anwani inatoka hatua moja mbele zaidi. Ufunguo wa umma hupitishwa kwenye SHA-256, kisha RIPEMD-160, kanuni mbili zinazosaga data kuwa namba fupi isiyoweza kurudishwa nyuma, iitwayo heshi; inabaki heshi ya baiti 20. Heshi hiyo huandikwa kwa herufi zile za bc1q, na herufi sita za mwisho huwa za kukagua makosa, hivyo ukikosea herufi moja waleti itaikataa anwani. Huu hapa mfano kamili, wa ufunguo dhaifu kuliko yote, namba 1:

```
siri    1
umma    0279be667ef9dcbbac55a06295ce870b07029bfcdb2dce28d959f2815b16f81798
heshi   751e76e8199196d454941c45d1b3a323f1433bd6
anwani  bc1qw508d6qejxtdg4y5r3zarvary0c5xw7kv8f3t4
```

Tafadhali usitume hata senti kwenye anwani hiyo. Siri yake unaijua wewe, ninaijua mimi, na wanaijua wote waliosoma hapa.

Kwa hiyo kama hamjawahi kutoa pesa kwenye anwani yenu, hata ufunguo wa umma bado haujaonekana; kinachoonekana ni heshi yake. Siku mtakapotoa, waleti itauwasilisha ufunguo wa umma pamoja na saini. Mtandao utaupitisha kwenye heshi zilezile, uone kama unatoa anwani ileile, kisha uikague saini.

Sasa tuje kwenye saini, ambako ndiko swali lako lilipo. Nitatumia namba ndogo ili mwenzenu yeyote mwenye kalamu aweze kufuatilia. Badala ya nukta za mkunjo, tuzidishe namba na kila mara tubaki na baki baada ya kugawa kwa 23. Tukizidisha 2 kwa yenyewe namna hii, hatua ya 11 inaturudisha kwenye 1, kwa hiyo vipeo vyetu vinazunguka kama saa yenye alama 11.

Siri yako iwe 7. Ufunguo wa umma ni 2 kwa kipeo cha 7, yaani 128, ambayo baki yake ni 13. Wote wanaijua 13.

Ili kusaini, waleti huchagua namba ya bahati nasibu ya kutumia mara moja tu. Tuseme 5. Inatangaza 2 kwa kipeo cha 5, ambayo baki yake ni 9. Kisha ile 9, ufunguo wa umma na ujumbe wenyewe hupitishwa pamoja kwenye heshi, na heshi inatoa namba ambayo hakuna aliyeichagua. Tuseme imetoa 3. Saini ni namba ya bahati nasibu ukijumlisha 3 mara siri, na hapa chini mod ni baki baada ya kugawa:

```
saini:    5 + 3×7 = 26,   26 mod 11 = 4
mkaguzi:  2^4 mod 23      = 16
          9 × 13^3 mod 23 = 16
```

Mkaguzi ana 9, 3, 4 na 13. Pande zote mbili zimempa 16, kwa hiyo aliyesaini alikuwa na siri ya 13. Lakini siri yenyewe hawezi kuitoa humo, maana ile 4 imechanganya vitu viwili asivyovijua, siri na namba ya bahati nasibu. Kwenye mfano wetu angeweza kujaribu siri zote 11 kwa dakika moja. Kwenye namba za tarakimu 78 njia hiyo haipo.

Na saini haiwezi kunakiliwa kwenye ujumbe mwingine, kwa sababu ujumbe ukibadilika hata nukta moja, ile 3 nayo inabadilika.

Niliyoionesha ni saini ya Schnorr, ambayo Bitcoin imeipokea tangu Novemba 2021 kwa anwani za bc1p. Anwani yenu ya bc1q hutumia aina nyingine ya saini, ECDSA. Hesabu yake imepangwa tofauti kidogo, ila viungo ni hivihivi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye ile 5. Tuseme waleti mbovu imeirudia kwa ujumbe wa pili, na safari hii heshi imetoa 6. Saini inakuwa 5 + 42, yaani 47, na baki yake ni 3. Yeyote aliyeziona saini mbili anazitoa: 3 kutoa 4 ni pungufu 1, ambayo kwenye saa yetu ni 10, na kwa namba za heshi, 6 kutoa 3 ni 3. Anatafuta namba ambayo ikizidishwa na 3 inaangukia 10. Ni 7. Siri imetoka. Agosti 2013 hili liliwakuta watumiaji wa waleti za Bitcoin kwenye Android, kwa kuwa kifaa cha kuzalisha namba nasibu kilikuwa na kasoro, na pesa zikaibiwa. Waleti nzuri za leo hukokotoa namba hiyo kutokana na siri pamoja na ujumbe, kwa hiyo ujumbe tofauti hauwezi kupewa namba ileile.

Kwenye kikao chenu, waache wanachama watunge sentensi wenyewe na waweke tarehe ya siku hiyo, ili isiwe saini uliyopewa na mtu zamani. Kama mnatumia waleti ya Electrum, fungua Tools, kisha Sign/verify message, weka anwani na sentensi, usaini. Mwenzako aikague kwenye Electrum ya kompyuta yake, maana waleti tofauti hazikubaliani siku zote kuhusu saini za ujumbe za anwani za bc1.

Wajue pia mpaka wake. Saini itawaonesha kuwa siku hiyo ulikuwa na ufunguo. Haioneshi kuwa ni wewe peke yako uliye nao, wala haiwezi kukuzuia kutoa pesa kesho. Kwa akiba ya watu tisa ningewashauri mhamie anwani inayodai saini mbili kati ya tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na kila mmoja na maneno yake nyumbani kwake. Kwa bc1q mtaitambua kwa urefu: ina herufi 62, wakati ya sasa ina 42.