Radi juu ya ziwa: mimweko mingapi?

"Wakuu, kwenye gemu yangu radi inapiga usiku Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma. Skrini nyeupe fremu 3, giza fremu 3, fremu 30 kwa sekunde. Ni salama kwa wenye kifafa kinachochochewa na mwanga?"

Hapana, mkuu. Kila mmweko unachukua fremu 6, hivyo ni mimweko 5 kwa sekunde, na kikomo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, ni 3. Tena skrini nzima inawaka, ndipo hatari inapozidi.

Weka mmweko mmoja, kisha nuru ififie kwa fremu 20 bila kupanda tena. Mstari wa radi uache ung'ae, ni mwembamba.

Tafadhali usitegemee kitufe cha kuzima mimweko kwenye menyu. Wengine hawajui wana kifafa cha mwanga mpaka kiwashike, na anayetazama video ya gemu iliyorekodiwa hana menyu.