Kibarua cha chuoni kwenye wasifu

"Nikiwa chuo nilikuwa keshia, saa 15 kwa wiki. Niandike saa tu?"

Saa ziweke, ila mstari ubebwe na ulichoaminiwa. Mfano: "Keshia kwa miaka 2 sambamba na masomo, saa 15 kwa wiki, baada ya miezi 6 nilikabidhiwa funguo na kufunga hesabu za jioni." Nachuja maombi ya wahitimu, na hapo kwenye funguo ndipo ninaposimama, maana mtu wa kuchelewachelewa haachiwi droo ya fedha. Akitokea mtu wa kukushauri uifute kazi hiyo kwa kuwa si ya fani yako, atakuwa amepatia nusu: ifupishe ikiwa tu una mafunzo kazini ya fani yenyewe. Kama hukukabidhiwa funguo, usiziandike. Msimamizi wako hupigiwa simu.