Barua kwa mume, usianze na "wewe"

"Mume wangu hamu imepungua, mimi bado nataka. Nikimgusa anageukia ukutani. Nimwandikieje asione namlaumu? Niko Dodoma."

Dada, futa "siku hizi hunitaki", hapo atasoma kesi tu. Anayegeukia ukutani mara nyingi anakwepa mtihani, anaona ukimgusa tu lazima mechi ichezwe, sasa hiyo mechi itoe kabisa kwenye barua. Mimi wangu nilimwandikia hivi: "Baba Neema, nimemisi kulala kifuani kwako. Wiki hizi mbili tukumbatiane tu, basi, ukichoka sema nasogea, sinuni." Nikaiweka kwenye begi lake asubuhi, sio usiku kitandani. Alikaa kimya siku tatu (nilikoma!), ya nne akanishika mkono mwenyewe. Ila kama anakunywa dawa za presha amuulize daktari, zingine zinapunguza hamu, asiziache tu kienyeji.