Linki ya kamari ndani ya nukta

*Swali: "Tovuti ya ushirika wetu wa parachichi hapa Tukuyu hupokea makala kutoka kwa watu tusiowajua. Majuzi tumekuta moja ina linki ya kamari, na tulikuwa tumeisoma yote mara mbili bila kuiona. Inajifichaje, na tukague vipi kabla ya kupokea?"*

Hamkuiona kwa sababu jicho hufuata maneno, na linki haihitaji neno. Inaweza kubandikwa kwenye nukta mwisho wa aya au kwenye nafasi tupu kati ya maneno mawili, kisha ikavuliwa ile rangi ya bluu na mstari wa chini. Wengine huandika sentensi nzima kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Aliyeitega wala hamtafuti mkulima wa Rungwe aibonyeze. Anachotaka ni Google ione kwamba tovuti yenu inaielekeza kwake, apande kwenye matokeo. Google imekataza linki na maandishi ya kuficha, na tovuti inayokutwa nayo inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa, yaani ninyi.

Makala nyingi huja kama faili la Word, basi anzeni hapo. Fungueni faili, bonyezeni Alt+F9 (laptopu nyingine hudai Fn pia). Kila linki iliyo kwenye maandishi itajianika hivi, hata iliyokaa kwenye nukta:

```
{ HYPERLINK "https://mfano.example/bonus" }
```

Tuseme makala inahusu kuvuna parachichi na kwa macho mnaona linki mbili, moja ya mambo ya udongo na nyingine ya bei. Baada ya Alt+F9 zinatokea tatu, na ya tatu imekaa mwisho wa aya ya nne, pasipo na neno lolote la kubonyeza. Hapo mimi siendelei kusoma. Anayesahau koma nitamsaidia, lakini linki haiingii kwenye nukta kwa bahati mbaya.

Njia hiyo ina upofu wake: haionyeshi linki iliyofungwa kwenye picha. Kwa hiyo tengenezeni nakala ya faili, badilisheni mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, ifungueni, muingie kwenye folda `word`, kisha `_rels`. Humo mna `document.xml.rels`. Ifungueni kwa Notepad na mtafute maneno `Target="http`. Anwani zote za nje zilizobandikwa kwenye maandishi na kwenye picha kwa kawaida ziko humo. Zikiwepo tanbihi, zina faili lake pembeni, `footnotes.xml.rels`. Maandishi meupe ni rahisi zaidi: Ctrl+A, halafu rangi ya herufi iwe Automatic. Kama kuna kilichojificha kwa weupe, kitaibuka.

Sasa maandishi yenyewe. Anayeuza linki huandika jambo lolote kwa haraka, au hutafsirisha makala ya nchi nyingine, na hapo ndipo ninyi mna faida ambayo mimi fundi wa kompyuta sina. Akiandika "subiri tunda lilainike mtini ndipo uvune", mkulima yeyote wa Hass atacheka, kwa maana parachichi hukomaa mtini lakini hulainika baada ya kuchumwa. Akishauri kupanda "majira ya kuchipua", jiulizeni ni Rungwe ipi hiyo. Kuchukua sentensi ya katikati na kuitafuta Google ndani ya alama za kunukuu hunasa iliyonakiliwa neno kwa neno, ila iliyotafsiriwa hupita. Inayobaki ni kumwandikia mtumaji swali moja la shambani: miche yako ulibebeshea kwenye shina la aina gani? Mkulima atajibu, tena kwa kirefu. Mwenye linki atawauliza makala inatoka lini.

Makala ikipita, msiipandishe kama ilivyo. Inakilini na kuibandika kama maandishi matupu (kwenye vivinjari vingi ni Ctrl+Shift+V). Linki zote zitakufa, nzuri na mbaya, kisha mtarudisha kwa mkono zile tu mlizofungua na kuzisoma. Anwani zilizofupishwa msizirudishe. Wekeni ile ndefu mliyofikia. Ambayo hamuwezi kuidhamini ipewe `rel="nofollow"` kwenye HTML yake, ili Google ijue hamuidhamini, na iliyolipiwa `rel="sponsored"`.

Ukaguzi huu hauzuii ujanja mmoja: ukurasa uliokuwa wa udongo leo unaweza kugeuzwa wa kamari baada ya miezi sita, linki ikiwa ileile. Kwa hiyo andikeni orodha ya linki za nje za kila mgeni kwenye daftari, na mara moja kwa msimu kijana mmoja akae azifungue zote. Iliyogeuka, aitoe linki na kuiacha makala.