Kutoka tasnifu hadi kurasa mbili

"Tasnifu yangu ya uzamili ni ya kliniki za wajawazito huko Nyakach. Idara ya afya ya kaunti inataka kurasa 2. Nifupishe kila sura?"

Usifupishe, geuza. Kuna anayeshauri ubandike tu ikisiri ya tasnifu; amepatia nusu: urefu ni sawa, lakini ikisiri huchelewesha pendekezo, na afisa anataka kujua kwanza afanye nini. Anza na hilo: "Kliniki tembezi ifike vijiji vya mbali mara moja kwa mwezi."

Penye mtego ni namba. Tuseme jedwali lako lina OR ya 2.25, yaani uwiano wa waliomaliza kwa wasiomaliza, kundi moja likilinganishwa na jingine. Ukiandika "wanaoishi karibu wana uwezekano mara mbili na zaidi wa kumaliza ziara nne", umedanganya bila kujua. Rudi kwenye hesabu ghafi. Kama waliomaliza ni 60 kwa kila 100 walio karibu, na 40 kwa kila 100 walio mbali, OR ni hiyo hiyo 2.25, ila tofauti halisi ni mara moja na nusu. Andika "60 kwa 100, dhidi ya 40". Hata karani wa bajeti ataelewa.

Mimi nilipeleka waraka wangu mwezi Mei, nikaambiwa bajeti imeshapangwa. Taarifa ya mikakati ya fedha hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, kwa hiyo wako ufike kabla.

Kuigeuza tasnifu kuwa makala ya jarida la kitaaluma, huo ni mzigo mwingine. Na gharama za pendekezo, uziweke kwenye kurasa hizo au la? Hapo hata sisi hubishana.